Kalamu Nyingi, Mwenyeji Mmoja

Mwaka 2017, mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilipopata tovuti zenye umbo moja, ilikuwa rahisi kudhani kwamba, maadam nembo, rangi na mpangilio wa kurasa vimekwisha kulinganishwa, maneno yaliyomo ndani yake nayo yatalingana yenyewe. Lakini umbo ni kazi ya fundi, ambaye akiisha kulitengeneza mara moja hulieneza kila mahali; ama maneno ni kazi ya watu wengi walioandika katika nyakati mbalimbali, kila mmoja kwa malezi yake, kwa hofu yake na kwa cheo chake, wala hakuna fundi awezaye kuyalinganisha kwa kubonyeza kitufe. Nimelikumbuka jambo hili hivi karibuni kwa sababu kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekabidhiwa kazi ya kuhamisha kurasa za ofisi yake kutoka tovuti kuukuu kwenda mpya, alinijia barazani na baada ya shikamoo akaniambia, "Mzee, kila ukurasa una mtu wake. Nianzie wapi?" Niliyomjibu yalitokana na miaka niliyoitumikia taasisi moja ya kupokea wageni katika mwambao huu wa kaskazini ya Dar es Salaam, taasisi ambayo sina haja ya kuitaja jina, na ambayo tovuti yake ilikuwa na taabu hiyo hiyo.

Kazi yetu ilikuwa kuwaongoza watu wanaokuja kuyatazama mambo ya kale, tangu makaburi ya Kunduchi, yaliyopambwa zamani kwa vyombo vya Kichina, mpaka magofu ya Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji wa Bagamoyo, penye msikiti wa karne ya 13. Na waliotaka kuendelea mbele kwenda Saadani, kuona wanyama wakitembea karibu na bahari, tuliwaeleza njia. Kurasa za kwanza za tovuti ziliandikwa na karani mmoja mkongwe, ambaye umri wake wote aliutumia kuandika matangazo ya kubandikwa ubaoni, basi naye akaiandika tovuti kana kwamba ni ubao mrefu zaidi. Kurasa za historia aliziandika mwalimu mstaafu, mzaliwa wa pwani, mwenye Kiswahili kipana na subira ya kueleza. Baadaye akaajiriwa kijana wa masoko, aliyeamini kwamba sentensi isiyokuwa na alama ya mshangao haijakamilika. Mwisho akaja mfadhili pamoja na mtaalamu wake aliyeandika kwa lugha ya kwao, na maandiko yake yakafasiriwa kwa haraka, kwa hiyo tukapata kurasa zenye maneno ya Kiswahili lakini mpangilio wa sentensi wa watu wengine. Hakuna hata mmoja katika hao aliyeandika vibaya kwa kipimo cha kazi aliyodhani kuwa ameitiwa, na hilo ndilo lililotuchelewesha kuiona ila, kwa kuwa kila ukurasa ukiutazama peke yake ulikuwa na haki yake ya kuwapo.

Aliyetuonyesha ila hiyo alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam, aliyepiga simu akiwa na nia ya kuwaleta wanawe siku ya Jumapili. Alikuwa amesoma katika ukurasa wa mbele maneno ya kijana wa masoko, "Njoo na watoto wako wacheze ndani ya historia!", kisha akafungua ukurasa wa masharti ambao ni wa karani, na humo akakuta kwamba mgeni yeyote atakayebainika kugusa sehemu yoyote ya eneo husika atachukuliwa hatua kali za kisheria. "Sasa, kaka yangu," akauliza kwa sauti ambayo sikuweza kutambua kama ni ya dhihaka au ya hofu ya kweli, "mwanangu wa miaka mitatu akishika ukuta, nitafungwa mimi au atafungwa yeye?" Nilimtuliza, naye akaja, lakini swali lake lilitufundisha jambo ambalo sisi wenye tovuti tusingeweza kuliona. Sisi tulipousoma ukurasa wa masharti tulimsikia karani wetu, tukaijua tabia yake na kumwia radhi. Msomaji hamjui karani wala kijana wa masoko, naye huwachukua wote kuwa ni mtu mmoja, mwenyeji mmoja anayemchekea mlangoni na kumkaripia ukumbini. Mtu wa namna hiyo haaminiki, na asiyeaminika hata akisema bei ya kiingilio watu humpigia simu kuhakikisha. Simu za watu wanaouliza jambo lililokwisha kuandikwa wazi ndizo dalili ya kwanza, nami hadi leo nazihesabu kuwa dalili iliyo bora kuliko maoni ya wataalamu.

Kabla ya kubadilisha neno lolote, tulifungua daftari na kuorodhesha kila ukurasa: anwani yake, kichwa chake, aliyeuandika, mwaka ulioandikwa, nani anayeusoma, na msomaji huyo atakiwa afanye nini akiisha kuusoma. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuokolea kazi kubwa, maana kurasa nyingi hatukuweza kuijaza. Palikuwa na taarifa za warsha zilizokwisha pita, salamu za wakuu waliokwisha hamishwa, na kurasa mbili zinazoeleza usafiri wa mashua zikihitilafiana. Ukurasa usiokuwa na msomaji wala kazi haufai kupigwa msasa. Hufutwa, au huunganishwa na mwenzake. Wengi huanza kwa kulinganisha lugha ya kurasa zote na nguvu zikawaishia katika zile ambazo hazina mtu anayezifungua.

Zilizobaki tulizipiga chapa, tukakata majina na tarehe, tukakaa meza moja na kuzisoma kwa sauti, kila mtu akisoma ukurasa asiouandika. Mwanzoni tulibishana juu ya maneno, kwamba hili gumu na lile la mitaani, na ubishi huo haukutufikisha popote, kwa sababu kila mtu huona msamiati wake kuwa ndio wa wastani. Ndipo mwalimu mstaafu alipotoa shauri la kupiga mstari chini ya kila kitenzi kinachomhusu msomaji, na kingine chini ya kila neno linaloonyesha nani anasema. Matokeo yake yalikuwa bayana kuliko tulivyotazamia. Katika jambo moja tu, la kulipa kiingilio, ukurasa mmoja ulisema "Lipa", mwingine "Lipeni", mwingine "Ulipe", mwingine "Mgeni anatakiwa kulipa", na wa mwisho "Malipo yatafanyika", kana kwamba fedha zitatembea zenyewe. Msemaji naye alikuwa "sisi" katika ukurasa mmoja, "taasisi" katika wa pili, "uongozi" katika wa tatu, na katika kurasa za karani hakuwapo kabisa, bali palisikika tu kwamba "inatangazwa".

Hapo nilifahamu jambo ambalo ndilo muradi wa insha hii. Katika Kiswahili, sauti ya maandishi hukaa zaidi katika viambishi vya kitenzi kuliko katika uzito wa msamiati, yaani katika kuonyesha nani anasema, anasema na nani, na anamwamuru, anamwomba au anamwarifu tu. Waandishi wawili wanaweza kutofautiana sana kwa msamiati, mmoja akasema "aghalabu" na mwenziwe akasema "mara nyingi", na msomaji asishtuke. Lakini mmoja akisema "tunaomba ulete" na mwenziwe akasema "italetwa", msomaji huhisi mara moja kwamba amekabidhiwa kwa mtu mwingine. Basi anayetaka kuziunganisha sauti za kalamu nyingi aanze na viungo hivyo vichache, na mengi katika yaliyobaki atayakuta yamekwisha kukaribiana.

Kukubaliana juu ya viungo hivyo haikuwa kazi nyepesi. Karani wetu alishikilia kwamba kumwita msomaji "wewe" ni utovu wa adabu, kwa sababu tovuti husomwa na wazee na wakubwa, na kijana hawezi kumwambia mzee "lipa". Kwa maoni yake "mgeni anatakiwa" ndiyo njia ya heshima, kwa kuwa haimnyooshei mtu kidole. Kijana wa masoko naye alisema kwamba asiyemwita msomaji kwa nafsi yake amempoteza. Wote wawili walikuwa na haki, na suluhu ilipatikana katika desturi ya pwani yenyewe, ambako mtu mwenye adabu hasemi "kaa" bali husema "ukae", na kitenzi kinachoishia na "e" hubeba staha bila ya kumpeleka msomaji mbali. Tukaafikiana kwamba msomaji ni mmoja, naye husemezwa kwa "u". Kwamba agizo huandikwa "ulipe", "utuandikie", na pale tunapomzuia huandikwa "tunaomba usi". Kwamba msemaji ni "sisi", ila katika maneno ya sheria. Na kwamba alama ya mshangao haina mahali katika tovuti yetu. Tukaongeza sharti moja la majina, kwamba kitu kimoja kiwe na jina moja kila mahali: fedha za kuingia ziitwe kiingilio, za kibali ziitwe ada, na neno tozo liachwe, kwa kuwa wageni walikuwa wakidhani ni malipo ya tatu.

Ukurasa wa kwanza kuandikwa upya ulikuwa ule ule wa masharti, kwa sababu ndio uliosomwa zaidi baada ya ukurasa wa mbele. Maneno ya zamani yalikuwa haya: "Inatangazwa kwa wageni wote kwamba kiingilio kitalipwa kabla ya kuingia eneo husika. Mgeni atakayeshindwa kuwasilisha stakabadhi hataruhusiwa. Upigaji wa picha za kibiashara bila kibali hauruhusiwi kabisa. Ni marufuku kugusa sehemu yoyote ya eneo husika, kukaa au kupanda juu ya makaburi, na atakayebainika atachukuliwa hatua kali za kisheria."

Na haya ndiyo yaliyochukua mahali pake: "Ulipe kiingilio langoni kabla ya kuingia, na tunaomba uitunze stakabadhi mpaka utakapotoka, kwa kuwa mlinzi wa ndani ataitaka. Ukitaka kupiga picha za biashara, utuandikie mapema tukupatie kibali. Makaburi haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nayo humeguka yakipandwa. Tunaomba usiyapande wala usiyakalie, na watoto uwashike mkono unapoyakaribia. Kuyaharibu ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964."

Msomaji ataona kwamba maneno mapya si machache kuliko ya zamani, na wala kufupisha hakukuwa shabaha yetu. Kilichoongezeka ni sababu: kwa nini stakabadhi itunzwe, kwa nini kaburi lisipandwe. Katazo lisilokuwa na sababu hulazimika kujitegemeza kwa vitisho, na ndiyo maana karani alikuwa akifikia "hatua kali" katika kila ukurasa. Sababu ikiisha kutajwa, kitisho hakina kazi tena na sauti hushuka yenyewe. Karani aliuliza, kwa haki yake, nguvu ya sharti imekwenda wapi, nasi tukamwonyesha sentensi ya mwisho, iliyosimama peke yake bila ya "tunaomba", kwa sababu sheria haiombi. Katika ukurasa wa zamani kila sentensi ilikuwa na ukali ule ule, kwa hiyo msomaji hakuweza kutofautisha kosa la kusahau stakabadhi na kosa la kubomoa kaburi la karne nyingi.

Baada ya kurasa kubwa tulidhani tumemaliza, kumbe sauti ya zamani ilikuwa imejificha katika maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyahesabu kuwa ni maandishi: maneno juu ya vitufe, maelezo chini ya picha, majibu ya fomu mtu anapokosea. Mgeni aliyekwisha kusoma kurasa za upole alijaza fomu ya kuomba kiongozi, akaacha tarakimu moja ya simu, na hapo likamtokea neno jekundu, "Ingizo batili!" Fundi aliyeiunda fomu ndiye aliyeyaacha maneno hayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuyaona kwa kuwa sisi hatukuwa tukijaza fomu yetu wenyewe. Tukaandika badala yake, "Namba ya simu haijatimia, tunaomba uandike tarakimu zote 10." Kuanzia siku hiyo ikawa ni kanuni kwamba anayekagua sauti ya tovuti aijaze kila fomu kwa makusudi vibaya, na kwamba maneno tuliyokwisha kuyaacha, kama "husika" ya karani, yatafutwe moja moja. Kwa kurasa zilizo wazi kwa umma yatosha kuandika katika Google anwani ya tovuti pamoja na neno linalosakwa, kwa namna hii:

```
site:anwani-ya-tovuti "husika"
```

Kila ukurasa utakaotokea una masalio ya kalamu ya zamani, au angalau unastahili kusomwa tena. Tahadhari ni kwamba Google haitegemewi kuona maandishi yaliyo ndani ya picha, wala majibu ya fomu, na baadhi ya kurasa huchelewa kuzipitia. Kwa hiyo daftari halifungwi kwa sababu ya mtambo huo.

Kuna mahali tulipokataa kulinganisha, na napenda kupaeleza kwa utuvu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupita mpaka. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na pamoja na pembe za ndovu njia hiyo iliwaleta watu waliotiwa utumwani. Kijana wa masoko, alipoagizwa kufupisha ukurasa huo, aliuandika kwa uchangamfu ule ule alioutumia kwa mashua na ufukwe, na mstari wa kwanza ukawa ni mwaliko wa "kuifuata njia ya watumwa" ulioishia kwa mshangao. Mwalimu mstaafu aliusoma, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, hapa hakualikwa mtu." Hakusema zaidi, na haikuwa lazima. Mwenyeji ni yule yule mmoja, anayesema "sisi" na kumsemesha mgeni kwa staha, lakini akifika mbele ya jambo zito hubadilisha uso wake, na asiyeubadilisha ndiye anayeonekana kuwa si mtu. Kwa hiyo viambishi vilibaki vile vile katika ukurasa huo, ila mialiko yote ikaondolewa, sentensi zikawa za kuarifu tu, na nathari ndefu ya mwalimu ikarudishwa kama alivyoiandika. Kadhalika hatukuigusa salamu ya mkuu wa taasisi, kwa kuwa ina saini yake, na yenye saini ni sauti ya mwenyewe.

Katika ubishi wetu wote nilikuwa nikiwatajia wenzangu kitabu cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 chini ya mkono wa Carl Velten, ambacho ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo hii hii, pamoja na Waswahili wengine waliochangia. Kwa kukisoma kwangu, kalamu kuwa nyingi hakukukizuia kitabu kuwa na mwelekeo mmoja, kwa sababu kila aliyechangia alisimama mahali pamoja, yaani pa mtu wa pwani anayemweleza asiyekuwa wa pwani namna watu wake wanavyoishi. Hawakuhitaji kufanana kwa kila neno. Walihitaji kukubaliana, kwa kutamka au bila ya kutamka, nani anayesema na nani anayesikiliza.

Lililobaki lilikuwa kuilinda kazi hiyo, na hapo tulijifunza kwa njia ya taabu. Mwongozo wa kwanza tulioutunga ulikuwa kijitabu kizima chenye milango na vifungu, na waajiriwa wapya waliupokea kwa heshima na kuuweka kabatini. Tuliukata ukabaki karatasi moja: juu, viungo vile vya msemaji, msomaji na kitenzi; katikati, orodha fupi ya majina ya vitu; chini, ule ukurasa wa masharti katika hali zake mbili, ya zamani na mpya, kwa kuwa mtu hujifunza zaidi kwa kuona sentensi ikibadilika kuliko kwa kuambiwa sifa ya sentensi njema. Fauka ya hayo, kila ukurasa ulipewa mwangalizi na mwezi wa kusomwa tena, na hakuna maandishi yaliyotoka bila ya kupita mbele ya mhariri mmoja, ambaye kazi yake haikuwa kuandika bali kusikiliza.

Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa rahisi, nacho ndicho nilichompa yule kijana akakifanye kabla ya kusema amemaliza. Achukue aya moja moja kutoka kurasa za waandishi mbalimbali, azipige chapa bila ya majina, azichanganye, kisha ampe mtu asiyeshiriki, mlinzi wa lango au mpishi wa ofisi, azipange kwa kukisia zipi zimeandikwa na mkono mmoja. Akizipanga sawasawa kwa waandishi wake, kazi bado. Akizipanga kwa mambo yanayozungumzwa, akaweka za malipo pamoja, za safari pamoja na za historia pamoja, basi waandishi wamekwisha kutoweka na mwenyeji mmoja amebaki. Kipimo hicho hakitamwambia kama yaliyoandikwa ni kweli, wala kama bei ya kiingilio ni ya mwaka huu; kwa hayo atahitaji daftari lake na mwangalizi wa kila ukurasa, kwa sababu sauti moja inayosema jambo lililopitwa na wakati hupoteza watu wengi zaidi kuliko sauti kumi zinazogombana.